Kutoka kiluwiluwi hadi chura: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mgeuko na homoni zinazouendesha

Majibu haya ni ya walimu, wanafunzi na wazazi wa Kisumu, Ahero, Kakamega, Nakuru na kwingineko ukanda huu, ambao wana viluwiluwi ndani ya beseni na wangependa kuelewa kinachoendelea humo. Tumekaa zaidi kwenye siku za mwisho za mgeuko, wakati miguu inatoka na mkia unaisha, kwa sababu hapo ndipo homoni hufanya kazi kubwa na hapo ndipo wengi hufa.

Kiluwiluwi ni mtoto wa chura au wa mbu?

Jina ni moja, wanyama ni wawili. Kiluwiluwi wa mbu ni mdudu mwembamba anayening'inia chini ya uso wa maji na kujipindapinda anaposhtuliwa. Kiluwiluwi wa chura, ambaye wengine humwita ndubwi, ana mwili wa mviringo na mkia bapa anaoupunga kama samaki. Huku chini tukisema kiluwiluwi tunamaanisha huyu wa chura.

Nitajuaje beseni langu lina watoto wa chura gani?

Anza na mayai kama uliyaona. Nyuzi ndefu za ute zenye vidoto vyeusi vilivyojipanga kama shanga, zimezungushiwa nyasi pembeni mwa dimbwi, ni za yule chura mwenye ngozi kavu ya vinundu vinundu anayekaa karibu na taa za nyumba usiku akivizia wadudu. Kwa kitaalamu yumo katika jenasi ya Sclerophrys. Watoto wake ni weusi, wadogo, na huogelea kwa makundi kwenye maji ya kina kifupi yenye jua. Hao ndio rahisi kuwapata baada ya mvua za masika, kwenye mitaro, kwenye mashimo yaliyochimbwa udongo wa matofali, na kandokando ya mashamba ya mpunga.

Aina ya pili huwachanganya watu. Ni kiluwiluwi anayeonekana ndani kama kioo, ameelea kichwa kikiwa kimeinama chini huku ncha ya mkia ikitetemeka bila kukoma, na ana sharubu mbili ndefu mdomoni. Wavuvi wengi wakimwona hudhani ni mtoto wa mumi. La hasha. Ni mtoto wa chura wa majini mwenye kucha nyeusi kwenye vidole vya nyuma, Xenopus victorianus, ambaye jina lake limetokana na Ziwa Viktoria. Ndugu yake wa kusini mwa Afrika, Xenopus laevis, ndiye mnyama ambaye wanasayansi wamemtumia kuliko karibu wote kuuchunguza mgeuko huu. Kwa hiyo mengi yaliyoandikwa hapa kuhusu homoni yamejulikana kupitia jamaa wa karibu sana wa vyura wa hapa kwetu.

Tofauti hiyo ina maana hata kwa chakula. Yule mweusi ana midomo migumu ya kukwangua mwani na majani laini. Yule wa sharubu hana; yeye huchuja vumbi la chakula lililo ndani ya maji, na ukimtilia jani zima atakufa njaa jani likiwa mbele yake. Mpe unga laini wa majani makavu uliokorogwa majini hadi yawe na ukungu kidogo.

Mgeuko wote huchukua muda gani?

Tuseme umechota kipande cha uzi wa mayai Jumatatu asubuhi, ukakiweka kwenye beseni la plastiki lenye lita 20 za maji, na maji yanakaa kwenye nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi, jambo la kawaida Kisumu. Kufikia Jumatano au Alhamisi vidoto vimekuwa virefu na vimeanza kutoka kwenye ute. Siku chache za kwanza hawaogelei wala hawali. Hujigandisha kwenye ute au ukutani mwa beseni na kuishi kwa kiini cha yai kilichobaki tumboni. Usiwape chakula wakati huo, kitaoza tu.

Mwishoni mwa wiki ya kwanza wanaogelea na kula. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu, ukimweka mmoja ndani ya glasi na kumtazama kwa ubavu, utaona kijichunusi cheupe pale mkia unapoungana na mwili. Hicho ndicho mguu wa nyuma. Wiki ya nne kijichunusi kina goti na vidole. Katika wiki ya tano au ya sita miguu ya mbele inatoka, na kuanzia hapo mambo huenda mbio: ndani ya siku tatu hadi tano mkia umekwisha na una chura wa sentimita moja hivi, anayekaa vizuri juu ya ukucha wako.

Nakuru, ambako mji uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na usiku ni baridi, muda huo hurefuka, wakati mwingine kwa wiki kadhaa. Aina nazo hutofautiana. Xenopus laevis kwenye maji ya nyuzi 23 humaliza kwa takriban siku 58. Kwa hiyo usihesabu siku peke yake, tazama miguu.

Ni nini hasa kinachomwamuru kiluwiluwi ageuke?

Ni homoni ya tezi ya thairoidi, tezi ileile ambayo ikivimba shingoni mwa mtu tunasema ana rovu. Kiluwiluwi anayo pia, chini ya koo, ndogo mno.

Jambo hili lilijulikana mwaka 1912, pale mwanasayansi Gudernatsch alipowalisha viluwiluwi vipande vya viungo mbalimbali vya wanyama. Waliokula tezi ya thairoidi ya farasi waliacha kukua na kugeuka mapema mno, wakawa vyura vidogo ajabu. Miaka minne baadaye, mwaka 1916, mwanasayansi mwingine, Allen, alifanya kinyume chake: aliiondoa tezi hiyo kwa viluwiluwi wangali wadogo sana. Hao waliendelea kula na kunenepa, wakawa viluwiluwi majitu, lakini hawakugeuka. Ukiwapa homoni yenyewe, wanageuka. Majaribio hayo mawili yakiwekwa pamoja yanaonyesha kwamba kukua na kugeuka ni mambo mawili tofauti. Kiluwiluwi anaweza kukua bila kugeuka, na anaweza kugeuka kabla hajakua.

Tezi hutoa zaidi homoni iitwayo thairoksini, kwa kifupi T4, kwa sababu kila molekuli yake imebeba atomu nne za iodini. T4 ni kama mahindi yaliyo ghalani: ipo, lakini bado haijawa ugali. Ikifika ndani ya tishu, kimeng'enya fulani hung'oa atomu moja ya iodini ya upande wa nje, ikabaki T3, na T3 ndiyo yenye nguvu. Hiyo huingia kwenye kiini cha seli, ikajishikiza kwenye kipokezi chake, yaani protini ya kuipokea iliyokalia jeni, na jeni zilizokuwa zimefungwa zikafunguka. Kabla ya T3 kufika, kipokezi hakikai bure: chenyewe ndicho kinachozifunga jeni hizo, ili kiluwiluwi abaki kiluwiluwi hadi wakati wake.

Molekuli hizi, T4 na T3, ni zilezile zilizomo katika damu yako.

Homoni ni moja na inazunguka mwili mzima katika damu. Mbona basi miguu inaota kwanza na mkia unaisha mwisho?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na ndiyo siri ya mgeuko mzima. Hebu fikiria ingekuwa kinyume: mkia unaisha kabla miguu haijawa tayari. Mnyama angezama palepale, hana pezi wala mguu. Au matamvua yanaondoka kabla mapafu hayajafunguka. Mpangilio lazima uwepo, na damu peke yake haiwezi kuupanga, maana inafika kila mahali kwa wakati mmoja.

Kinachopanga ni kila tishu yenyewe, kwa kuamua itaisikia homoni mapema au itaziba masikio. Kichipukizi cha mguu wa nyuma kina vipokezi vingi tangu mwanzo, na kina kile kimeng'enya cha kugeuza T4 kuwa T3. Kwa hiyo hata homoni ikiwa kidogo sana katika damu, mguu huisikia na kuanza kukua. Mkia hufanya kinyume. Katika wiki za mwanzo unajikinga kwa kimeng'enya kingine, ambacho hung'oa atomu ya iodini ya upande wa ndani na kuiharibu homoni kabla haijaleta athari. Homoni inapanda katika damu, miguu inarefuka, na mkia unaendelea kupiga maji kama kawaida.

Kisha tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, inazidi kuisukuma thairoidi, na homoni inafika kilele. Hapo ndipo miguu ya mbele hutoka. Mkia nao unabadilika: sasa unatengeneza T3 yake wenyewe kwa wingi, na T3 hiyo inaamuru vipokezi zaidi vitengenezwe. Homoni inaongeza usikivu kwa homoni. Ndiyo maana mkia uliokuwa haujali kwa mwezi mzima unakwisha kwa siku chache.

Kipokezi, kimeng'enya cha kuwasha na kimeng'enya cha kuzima: ukivijua hivyo vitatu unaweza kueleza karibu kila hatua utakayoiona katika beseni lako.

Mkia hudondoka?

Haudondoki. Ukimtazama kila asubuhi na jioni utaona mapezi membamba ya juu na ya chini yakisinyaa kwanza, kisha mkia unakuwa kijiti cheusi, kisha kishina butu. Seli zake hupokea amri ya kujiua kwa utaratibu, na vimeng'enya humeng'enya nyuzi za kolajeni zilizoushikilia. Seli za usafi humeza mabaki, na virutubishi vinarudi mwilini.

Na hiyo ni bahati, kwa sababu siku hizo hali kitu. Midomo migumu ya kukwangua imedondoka, na mdomo mpana wa chura bado haujakamilika. Utumbo nao unafumuliwa na kujengwa upya. Mgeuze tumbo juu kiluwiluwi wa wiki ya tatu na utauona utumbo umejiviringa kama chemchemi ya saa, mrefu kwa ajili ya kumeng'enya majani. Kwa Xenopus laevis, utumbo huo hupungua hadi takriban robo ya urefu wake, kwa sababu chura hula nyama na nyama haihitaji utumbo mrefu. Ukiona kiluwiluwi mwenye miguu minne amekataa chakula, hajaugua. Acha kumpa, maana chakula hicho kitachafua maji.

Mguu mmoja wa mbele umetoka, mwingine haujatoka. Ni kilema?

Ngoja hadi kesho. Miguu ya mbele hukua kamili ikiwa imefichwa chini ya kifuniko cha matamvua, kisha hupenya nje, na mara nyingi haitoki pamoja. Wa kushoto kwa kawaida hupitia tundu la kutolea maji lililo upande huo. Ukitazama kwa makini siku moja kabla, utaona kiwiko kimeisukuma ngozi kama goti ndani ya shuka.

Ikipita siku mbili na upande wa pili bado, au miguu imetoka lakini ni myembamba kama uzi na haimbebi mwenyewe, hapo kuna kasoro. Mara nyingi chanzo ni lishe duni au maji mabaya ya wiki zilizotangulia, na kwa mnyama huyo huwezi tena kuirekebisha.

Kwa nini wengi hufa mara tu miguu ya mbele inapotoka?

Wanazama. Hili huwauma watu, maana umewalea wiki sita na asubuhi unawakuta wameelea.

Homoni ikiwa kwenye kilele, matamvua yanaondolewa na mapafu yanachukua zamu. Kuanzia siku hiyo mnyama lazima avute hewa juu, na nguvu ya kuogelea imepungua kwa kuwa mkia unasinyaa. Beseni lenye kuta laini zilizosimama na maji ya sentimita 20 ni kaburi kwake. (Chura wa majini mwenye kucha ni tofauti, yeye hukaa majini maisha yake yote, ila hata yeye lazima afike juu kupumua.)

Basi ukiona mguu wa mbele wa kwanza kwa yeyote, fanya hivi siku hiyohiyo. Mchote mnyama kwa chujio la chai, si kwa vidole, umpeleke kwenye beseni la pili lenye maji ya sentimita 2 au 3 tu. Inua upande mmoja wa beseni kwa kipande cha tofali ili sehemu moja iwe kavu kabisa, na weka hapo jiwe lenye mteremko na majani mabichi ya kujifichia. Funika kwa kipande cha neti ya mbu kilichofungwa kwa mpira, kwa sababu chura wa sentimita moja hupanda ukuta wa plastiki ulio na maji maji bila shida. Weka kivulini. Jua la saa saba mchana Kisumu huchemsha maji ya sentimita 2 kwa muda mfupi.

Wangu wana wiki nane na hawana miguu. Tatizo ni homoni?

Huenda, lakini usianzie hapo. Tuchukue mfano na tuufuate hatua kwa hatua. Beseni la lita 10 liko Nakuru, ndani ya chumba chenye kivuli. Lina viluwiluwi 60. Chakula ni sukuma wiki mbichi kila siku, na maji hubadilishwa yakinuka.

Kwanza tazama ukubwa wao. Kama wachache ni wakubwa na wengi ni wadogo, tatizo ni msongamano: wakubwa wanakula, wengine wanasukumwa. Kama wote ni wadogo na wembamba, ni njaa au baridi. Kama wote ni wanene, wakubwa kuliko kawaida, na bado hawana hata kijichunusi cha mguu, hapo ndipo unaweza kuishuku thairoidi. Katika mfano wetu, 60 kwa lita 10 ni sita kwa kila lita, nayo ni nyingi mno kwa wanyama wa umri huo. Lenga mmoja au wawili kwa lita. Wagawe katika mabeseni manne, au warudishe waliozidi palepale ulipowachota.

Pili, joto. Weka kipimajoto majini saa kumi na mbili asubuhi, si mchana. Ukisoma nyuzi 15, umepata sababu kubwa. Homoni ikiwepo au isiwepo, kazi ya vimeng'enya kwenye baridi ni ya polepole. Sogeza beseni mahali panapopata jua la asubuhi kwa saa mbili tatu.

Tatu, chakula, na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Sukuma wiki na kabichi ni za jamii moja, na jamii hiyo ina kemikali ambazo zikivunjwa hutoa vitu vinavyoizuia tezi kuchukua iodini. Zikiliwa mbichi, kila siku, peke yake, ni chaguo baya kwa mnyama ambaye maisha yake yote yanategemea tezi hiyo. Kuchemsha kwa dakika kumi na kuyamwaga maji hupunguza tatizo. Mchicha na spinachi hazina kasoro hiyo, ila zina oksaleti nyingi ambayo huharibu figo za viluwiluwi zikiwa ndizo chakula pekee. Badilisha: leo majani ya saladi yaliyochemshwa, kesho mchicha, keshokutwa sukuma wiki iliyochemshwa, na mara mbili kwa wiki chembe ndogo za kiini cha yai lililochemshwa au chakula cha samaki kilichosagwa. Chakula cha samaki husaidia pia kwa iodini, hasa kikiwa na unga wa dagaa wa baharini.

Nne, maji. Badilisha nusu kila baada ya siku mbili, kabla hayajanuka. Kiluwiluwi hutoa uchafu wake kama amonia moja kwa moja majini, na amonia ikijaa huwachoma wenyewe. (Akigeuka, ini lake huanza kutengeneza yurea badala yake, badiliko jingine linaloamriwa na homoni hiihii.) Maji ya mfereji yakae wazi kwenye ndoo kwa saa 24 ili klorini itoke, maji ya mvua kutoka tenki la plastiki ni mazuri zaidi. Epuka karai la bati na mifereji ya shaba, kwa kuwa zinki na shaba huua viluwiluwi.

Ukirekebisha haya manne, kijichunusi cha mguu kwa kawaida huonekana ndani ya wiki mbili tatu. Usipokiona na wanyama ni wanene, basi huenda tezi haifanyi kazi. Kuna viluwiluwi wachache wanaozaliwa bila tezi hiyo, nao hubaki majitu hadi wafe.

Nikitia chumvi ya mezani yenye iodini, au matone ya iodini ya kidonda, hawatageuka haraka?

Tafadhali usifanye hivyo. Swali hili huja mara nyingi kwa sababu mwalimu amesema iodini inahitajika, na ni kweli, lakini iodini ni malighafi, si amri. Kumpelekea fundi mbao nyingi hakumfanyi ajenge kabla hajaagizwa. Na chumvi ya mezani ina makumi machache tu ya miligramu za iodini kwa kilo nzima, kwa hiyo chumvi yenyewe itamkausha kiluwiluwi kabla iodini haijamfaa. Dawa ya kidonda huunguza ngozi na matamvua.

Vipi kuhusu homoni yenyewe? Maabara huigiza mgeuko kwa kutia T3 ya takriban mikrogramu 6.5 katika lita moja ya maji. Punje moja ya chumvi ya mezani ina uzito wa mikrogramu 60 hivi, kwa hiyo tunazungumzia sehemu moja ya kumi ya punje hiyo. Huwezi kupima hivyo kwa kijiko. Ukizidisha, tishu zote zinalazimishwa kusikia kwa wakati mmoja na ule mpangilio tuliousifu unavunjika: matamvua na mkia vinaanza kuyeyuka miguu ikiwa bado vijichunusi, mdomo unapinda, na mnyama anakufa nusu kiluwiluwi nusu chura. Vidonge vya thairoksini vya mgonjwa aliye nyumbani viache kabatini. Ni dawa ya mtu, na majini ni sumu kwa hawa.

Ni kweli dimbwi likianza kukauka wanageuka haraka?

Kwa aina nyingi, ndiyo, na si kwamba wanajua mvua imekwisha. Maji yakipungua, msongamano unaongezeka, chakula kinapungua, na ubongo wa kiluwiluwi hutoa homoni ya msukosuko iitwayo CRH. Kwetu sisi binadamu, homoni hiyo huanzisha mlolongo wa kortisoli tunapopata shida. Kwa kiluwiluwi inafanya kazi mbili: inaamsha homoni yake ya msukosuko, kotikosteroni, na pia inaiambia pituitari iisukume thairoidi. Kotikosteroni nayo huzisaidia tishu kugeuza T4 kuwa T3. Hivyo mlango mmoja unafungua miwili.

Jambo hili limechunguzwa kwa kina kwa vyura wa majangwani Amerika, na ukitembea kandokando ya mashimo ya matofali mwishoni mwa Mei utaona matokeo yanayofanana: vyura vidogo kupita kiasi wakiruka kwenye tope lililopasuka. Gharama ipo. Aliyegeuka mapema hutoka mdogo, na mdogo hukauka upesi na huliwa upesi.

Lakini msukosuko husaidia tu kama kiluwiluwi amefikia ukubwa fulani. Akiwa mdogo mno, kotikosteroni humdumaza, hageuki wala hakui. Ndiyo sababu beseni lililojaa kupita kiasi halikupi vyura wa haraka. Linakupa vidumavu.

Amegeuka tayari. Nimlishe nini, na nimwachilie wapi?

Mkia ukishakuwa kishina, siku mbili au tatu baadaye ataanza kutafuta chakula, na kitu kisichotembea hakioni kama chakula. Weka ganda la ndizi iliyoiva sana kwenye chombo wazi jikoni hadi vijinzi vidogo vya matunda vijae, kisha utikisie ndani ya beseni lake. Vidukari waliotolewa kwenye majani ya sukuma wiki isiyopigwa dawa wanafaa pia. Mchwa wa kawaida ni wakubwa mno kwa wiki ya kwanza. Yule chura wa majini mwenye kucha ni rahisi zaidi: hunusa, na hula vipande vidogo vya minyoo hata vikiwa vimetulia chini.

Ni vigumu kuwalisha wengi kwa muda mrefu, kwa hiyo waachilie ndani ya siku tatu nne baada ya mkia kwisha, jioni, mahali penye nyasi na unyevu, na iwe ukingo wa dimbwi lilelile ulikotoa mayai. Usiwapeleke dimbwi jingine hata kama ni zuri zaidi, kwani kuna ukungu unaoshambulia ngozi ya vyura na kuwaua, nao husafiri na mnyama pamoja na maji yake. Maji ya beseni yamwage shambani, mbali na mtaro, na ulianike beseni juani likauke kabisa kabla ya kulitumia tena.